Fukusi na uvundo havilingani
Fukusi na uvundo huwekwa kapu moja, ilhali hatari zavyo hazilingani. Unga wenye fukusi wachache, usiobadilika rangi wala harufu, huweza kuchekechwa ukapikwa, ingawa ladha yake hupungua. Bali unga unaonuka uvundo na kushikamana mabonge yenye ukijani umeota kuvu, na huenda una sumukuvu, yaani sumu itengenezwayo na kuvu kwenye nafaka isiyokauka vyema, ambayo haiondolewi kwa kuchekecha, kuanika wala kusonga ugali kwa moto mkali. Sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, hasa Ukambani, kupitia mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuwalisha kuku unga huo, kama ilivyozoeleka, nako hakufai, kwa kuwa huwaharibu ini.