Likizo ya Vijana: Tuwape Siku Zao, Maji Yawape Saa

Shule zinapokaribia kufungwa, mzazi huwauliza wanawe, "Mngependa twende wapi likizo hii?" naye kijana, bila hata kuinua macho, hujibu, "Popote." Sisi tunaofundisha isimu tunaliona neno hilo kuwa na ajabu yake, kwani limejengwa kwa kiambishi cha mahali ilhali halitaji mahali. Kijana anayelitamka hajachagua kitu. Amekataa kuchagua, kwa kuwa anajua kutokana na aliyokwisha kuyaona kwamba safari imepangwa tayari na swali aliloulizwa ni la adabu tu.

Agosti 2023 niliwapeleka wanangu wawili Pwani, nikiwa nimepanga mahali saba katika siku tano. Kila tulipofika, kijana wangu wa kiume aliuliza, "Mama, tutaondoka saa ngapi?" Binti yangu alikaa garini na visikizio masikioni. Niliwalaumu kwa kukosa shukrani, na wakati huo nilijiona nina haki. Hata bahari haikunisaidia: mwezi wa Agosti pepo za kusi bado huvuma, maji huchafuka na mwani hurundikana ufuoni. Mtu aliyeahidiwa kuona samaki wa rangi chini ya maji asipoona kitu, hana budi kuchoka.

Desemba 2024 tulirudi kwa mpango mwingine. Niliyoyashikilia mimi yalikuwa machache: tarehe, nyumba ya kulala, jumla ya fedha, na masharti mawili ya usalama ambayo nitayataja. Tulikaa usiku tano mahali pamoja, Watamu, kwa sababu ni mji mdogo na mambo mengi ya kuona yako karibu. Magofu ya Gede ni mwendo mfupi wa tuktuk, Hori ya Mida haiko mbali, na hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, iko hapo hapo. Kijana anaweza kwenda na kurudi bila kuendeshwa na mzazi, na hilo ndilo hasa tulilolitaka. Tulisafiri kwa treni hadi Mombasa, kisha tukapanda matatu ya kwenda Malindi na kushuka Gede. (Tiketi za treni za Desemba zikatwe mapema sana, na msafiri akumbuke kuwa kituo kiko Miritini, mbali na kitovu cha mji.)

Siku nne zilizobaki tuligawana. Moja ya binti, aliyekuwa na miaka 16, moja ya kaka yake, wa miaka 13, moja yangu, na moja isiyo na shughuli. Mwenye siku alipewa fedha za siku hiyo mkononi, za chakula, nauli na viingilio vyetu sote, na kilichobaki kilikuwa chake. Sikuwauliza tena wanataka kwenda wapi. Niliwapa mambo mawili mawili ya kuchagua, kila moja likiwa na hasara yake: ukichukua mashua kwenda kwenye matumbawe, fedha za chakula cha hotelini hazitatosha, ukichukua magofu, huendi baharini siku hiyo. Chaguo lisilokugharimu chochote si chaguo, na vijana hulitambua hilo upesi kuliko sisi.

Binti alichukua mashua. Hapo ndipo nilipomkabidhi jedwali la maji kupwa na maji kujaa, nikamwambia saa ya kuondoka ni juu yake. Jambo hili lahitaji kuelezwa. Katika pwani yetu maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi. Katikati ya bamvua na bamvua maji huwa mafu, hayaendi mbali. Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na huo ndio wakati mzuri wa kutazama matumbawe, kwani kina ni kidogo. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15, nasi tulikuwa tumechagua juma hilo kwa makusudi.

Binti alisoma katika jedwali: 10.40. Akampigia nahodha simu jioni, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Tutafika saa kumi na dakika arobaini." Mimi nilikuwa karibu, nikasikia kosa, nikauma ulimi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Saa kumi maji yatakuwa yamejaa, binti yangu. Utaona nini?" Mtoto wa Nairobi, aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza, aligundua kwamba nambari ya kwenye karatasi si saa ya mnenaji. Akaomba radhi, akasema saa nne na dakika arobaini. Aliuliza pia, bila kukumbushwa, kama kiingilio cha hifadhi kimo katika nauli ya mashua. Hakikuwamo. Laiti ningaliingilia, angalijifunza tu kwamba mama anajua.

Masharti yangu mawili yalihusu maji hayo hayo. Hakuna kuingia mashuani bila jaketi la kuokolea. Na anayetembea kwa miguu kuelekea visiwa vya mawe wakati wa kupwa, awe na viatu, na awe ameanza kurudi kabla ya saa ya mwisho wa kupwa iliyoandikwa. Asingoje kuyaona maji yakipanda, maana hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, kati yake na ufuo. Sharti la namna hii halina ugomvi. Si mama aliyesema mrudi saa tano kasoro, ni bahari, nayo haibembelezwi.

Kijana alichagua Gede. Nilidhani angechoka baada ya dakika kumi. Waliingia wawili, mimi nikabaki langoni kwa miadi ya saa mbili. Alirudi akisimulia nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa humo, ya mkasi, ya kauri, na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Alitaka kujua kwa nini watu waliuacha mji. Sikumwambia kwamba UNESCO ilikuwa imeuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka huo huo, alinieleza yeye.

Sisemi kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Siku isiyo na shughuli walilala hadi saa sita, nami nilijizuia kwa taabu nisiwaamshe. Kijana alitumia chenji yake yote kwa soda na viazi karai. Mzazi anayekagua kila shilingi, au anayeibadili siku ya mtoto kwa sababu yeye angependa kwingine, heri asiugawe muda tangu mwanzo, kwani siku iliyotolewa na kunyang'anywa huumiza kuliko ile isiyotolewa. Mimi niliujua mpango umeshika kwa dalili moja: lile swali la tutaondoka saa ngapi halikusikika tena, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na jibu.

Sasa kijana anataka likizo ijayo asafiri kwa treni na binamu yake, nasi tuwakute Miritini. Amekwisha kuuliza nauli. Sijamjibu.