Yai la Kupasulia Majini: Siki Haifanyi Kazi ya Yai Bichi Jipya

Yai linalopasuliwa na kupikwa majini bila ganda lina maelekezo mengi yanayorithiwa jikoni, na baadhi yake ndiyo yanayoleta ule utando mweupe unaoelea sufuria nzima huku kiini kikibaki uchi. Nitayajibu yale ninayoyasikia zaidi.

Dai la kwanza ni kwamba siki ikiwemo, yai lolote litashikana. Hapa ndipo mayai mengi yanapoharibikia. Ukilipasua yai juu ya sahani bapa utaona ute wa aina mbili: ule mzito uliosimama kukizunguka kiini, na ule mwepesi unaotambaa pembeni kama maji. Yai likiwa jipya, ute mzito ni mwingi. Kadiri siku zinavyopita, hewa ya kaboni hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute unazidi kuwa wa kialkali, na ule mzito unalegea na kugeuka mwepesi. Joto huharakisha jambo hilo, kwa hiyo trei iliyokaa kwenye kibaraza cha duka wakati wa joto la Dar es Salaam huzeeka upesi kuliko iliyowekwa kwenye friji. Siki haiwezi kuurudisha ute uliokwisha kulegea. Inachofanya ni kuusaidia ute ulio mzima ugande haraka upande wa nje.

Kwa kuwa trei nyingi hazina tarehe, lizamishe yai kwenye bakuli la maji baridi. Likilala chali chini, ni jipya. Likisimama kwa ncha, limeshakaa; lichemshe na ganda lake, na hata kumenya kutakuwa rahisi. Likielea, usilipike majini. Hata yai jipya lina ute mwepesi kidogo, basi lipasulie kwenye chujio la matundu madogo juu ya bakuli, ulitikise taratibu, usubiri nusu dakika. Kitakachodondoka ndicho ambacho kingekuwa nyuzinyuzi sufuriani. Kilichobaki kimimine kwenye kikombe kidogo.

Dai la pili: maji yatokote kwa nguvu, la sivyo ute hautaganda. Si kweli. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na ukifika 80 umeshakuwa mgumu. Maji yanayotokota yana nyuzi 100 hapa pwani, lakini tatizo si joto peke yake. Mapovu makubwa yanaurarua ute kabla haujapata nafasi ya kushikana. Unayoyataka ni maji ya nyuzi 80 hadi 85. Bila kipimajoto, tazama chini ya sufuria: vipovu vidogo vimeganda pale, kimoja kimoja kinapanda, mvuke unafuka, na uso wa maji haupasuki. Ukitumia jiko la mkaa, acha maji yachemke kwanza, kisha punguza makaa na usubiri yatulie.

Kuhusu kuyakoroga maji yazunguke kwa kasi kabla ya kutia yai, nitasema machache. Husaidia yai moja tu. La pili likiingia, yanagongana. Yai jipya lililochujwa halihitaji kimbunga hicho.

Dai la tatu linatoka kwa wanaoikataa siki kabisa, kwamba inalichachusha yai. Linachacha ukiimwaga bila kipimo. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji kinatosha. Ute una asili ya kialkali, na protini zake zina chaji zinazozifanya zisukumane; asidi inapunguza chaji hizo, nazo zinakaribiana na kuganda mapema. Ukizidisha siki, uso wa yai unakuwa mkavu na wenye vikwaruzo. Ndimu inafanya kazi ileile, ila huacha harufu yake. Anayeihisi siki mdomoni alichovye yai lililoiva kwenye maji ya moto yasiyo na kitu, kwa sekunde chache.

Kwa mayai mawili, tumia sufuria pana yenye maji lita moja na nusu na siki kijiko kimoja na nusu. Shusha mdomo wa kikombe mpaka uguse maji, ndipo uinamishe. Ukilidondosha yai kutoka juu, linasambaa. Usiligeuze kwa dakika ya kwanza. Baada ya dakika tatu hadi nne, linyanyue kwa kijiko cha matundu na ulibonyeze kwa kidole: ute uwe umekaza, kiini kibonyee. Ute ukitetemeka kama uji, lirudishe kwa nusu dakika. Likauke juu ya kitambaa safi kabla ya kuliweka kwenye mkate, maana maji yaliyobaki hulowesha kila kitu. Mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa apikiwe mpaka kiini nacho kikaze, kwa sababu ya hatari ya salmonela.