Mkaa upigwe marufuku au la? Jinsi ya kumsaidia mtoto kutoa hoja za pande mbili katika mhadhara mmoja

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mama. Sijakaa hata sawasawa, mtoto wa dada yangu akaja na daftari mkononi.

"Shikamoo mama mdogo. Wewe si unaandika habari za moshi na afya? Njoo unisaidie, Jumatano nina mdahalo."

Yupo kidato cha tatu. Shuleni kwao alikuja mtaalamu wa misitu, akawapa mhadhara wa saa moja na nusu kuhusu sera ya mazingira na nishati ya kupikia. Baada ya hapo mwalimu akatoa mada: "Serikali ipige marufuku uuzaji wa mkaa mijini." Kila mwanafunzi alitakiwa aandae hoja za kuunga mkono na za kupinga, kwa sababu upande wake ataambiwa asubuhi ile ile ya mdahalo.

Binti alikuwa na kurasa nne za dondoo. Upande wa kuunga mkono alikuwa nao hoja kumi na moja. Upande wa kupinga alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Watu wamezoea."

Hapo nje ya mlango, mzazi, palikuwa na magunia matatu ya mkaa. Mama yangu anauza kwa kopo na kwa sado, na nauli na madaftari ya mjukuu wake yanatoka humo humo.

Kwanza, chambua mhadhara sentensi kwa sentensi

Kosa alilofanya ni la kawaida. Aliandika mhadhara kwa mpangilio wa msemaji, kisha akachukulia kila alichosikia kuwa ni ushahidi. Msemaji alikuwa na upande wake, kwa hiyo karatasi nayo ikaegemea huko huko.

Tulirudi mwanzo na kalamu nyekundu. Kila sentensi tukaipa herufi moja: T kama ni taarifa inayoweza kuthibitishwa, S kama inaeleza sababu ya jambo, M kama ni maoni.

"Kilo 100 za kuni kwenye tanuri la udongo la kienyeji hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20." Hiyo ni T. Unaweza kwenda porini na mizani ukapima.

"Misitu inaisha kwa sababu watu wa mjini wanapikia mkaa." Hiyo ni S, na hapa nilimwambia asimame kidogo. Mkaa ni sababu mojawapo, lakini mashamba mapya nayo yanakula msitu. Mara nyingi mti ule ule hukatwa ili kusafisha shamba, kisha ndipo unachomwa mkaa. Ukisema mkaa ndiyo sababu pekee, mpinzani anayejua kilimo atakuumbua.

"Serikali imechelewa mno kuchukua hatua." Hiyo ni M. Inaruhusiwa kuisema, lakini haithibitishi chochote.

Tulipomaliza kurasa zote nne, T zilibaki saba. Binti alisikitika, lakini saba zinatosha kabisa kwa mdahalo.

Pili, soma mada neno kwa neno

Nilimuuliza mada inasemaje. Akanijibu, "Inasema mkaa ni mbaya." Haikusema hivyo. Ilisema serikali ipige marufuku, uuzaji, mijini.

Maneno hayo matatu yana uzito. Anayeunga mkono hana kazi ya kuthibitisha kwamba mkaa una madhara tu. Lazima athibitishe kwamba kuukataza kuuzwa ndiyo dawa. Na anayepinga halazimiki kuusifia mkaa. Anaweza kukubali madhara yote na bado akasema marufuku si njia.

Hapo ndipo uso wa binti ulipofunguka. Hoja zake nane kati ya zile kumi na moja zilikuwa zinasema kitu kimoja, kwamba mkaa una madhara. Hazikufika kwenye marufuku.

Tatu, kila hoja iwe na mistari mitatu

Tulikunja karatasi katikati, kushoto kuunga mkono, kulia kupinga. Kila hoja tuliiandika kwa mistari mitatu: dai, ushahidi, na "kwa hiyo". Ule mstari wa "kwa hiyo" lazima uishie kwenye neno marufuku. Ukishindwa kuumalizia, hoja bado haijaiva.

Tulianza na afya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Nikasema kwa kujiamini: andika dai kwamba marufuku italinda mama na watoto. Ushahidi: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi na hewa chafu itokanayo na kupikia viliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa hiyo, mkaa upigwe marufuku.

Binti akaniangalia. "Mama mdogo, hao wote wameuawa na mkaa?"

Ilibidi nikiri. Takwimu hiyo ni ya dunia nzima, na inahusu kuni, kinyesi cha mifugo, mafuta ya taa na mkaa kwa pamoja. Tena mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni. Familia ya mjini ikikosa mkaa na isiweze kununua gesi, inaweza kurudi kwenye kuni au mabaki ya mbao, na watoto wakavuta moshi mwingi zaidi ya ule wa kwanza.

Yaani takwimu niliyoiweka kushoto kwa mbwembwe ilikuwa inahamia kulia. Tukaiandika pande zote mbili, kila upande na "kwa hiyo" yake.

Kushoto tukaiimarisha kwa jambo ambalo ni la mkaa hasa: hewa ya kaboni monoksaidi. Jiko la mkaa huitoa kwa wingi, haionekani wala hainuki, na ndiyo huua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Hoja ikawa fupi, lakini sasa inahusu mkaa wenyewe.

Nne, tafuta mahali hoja zinapogongana

Upande wa kushoto binti aliongeza mfano wa mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, na maisha yakaendelea. Ni mfano mzuri, lakini nikamwambia aupime kama mpinzani. Mfuko wa plastiki ulipoondoka, mbadala ulikuwapo na ulikuwa wa bei nafuu. Je, mkaa ukiondoka?

Upande wa kulia tuliweka mambo mawili. La kwanza, mwaka 2006 serikali iliwahi kupiga marufuku mkaa na marufuku hiyo haikudumu. La pili, huko Kilosa, Morogoro, kuna vijiji vilivyogawa sehemu ya msitu wa kijiji katika vitalu vidogo, vinavuna mkaa kitalu baada ya kitalu, na eneo lililovunwa huachwa lichipue kwa mzunguko wa miaka 24. Kwa hiyo kuna njia ya kati ya kuacha holela na kukataza kabisa.

Kushoto tukajibu kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Anayeunga mkono anaweza kusema marufuku ya mijini itasukuma lengo hilo. Anayepinga atajibu kwamba mkakati wenyewe umetoa miaka kumi, kwa nini kukata ghafla?

Tukachora mishale kutoka hoja hadi hoja. Karibu yote ilikutana kwenye swali moja: mkaa ukikatazwa leo, mwenye kipato kidogo atapikia nini kesho asubuhi? Tukaliandika kwa herufi kubwa katikati ya karatasi. Mdahalo mzima utaamuliwa hapo, na upande wowote atakaopewa lazima awe na jibu lake.

Bibi naye akachangia

Mama alikuwa kimya anachambua mchele. Mara akasema, "Mnaandika gesi, gesi. Wateja wangu wengi wana mitungi ya gesi ndani. Gesi wanachemshia chai, maharage wanakuja kununua mkaa kwangu. Tena mtu ana elfu moja mfukoni, atajaza mtungi na nini?"

Binti akachukua kalamu haraka. Nikamzuia kidogo, nikamuuliza hii ni T, S au M?

Alifikiri. "Ni ushuhuda wa mtu mmoja. Sitasema Watanzania wote. Nitasema muuzaji mmoja mtaani kwetu ameniambia." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na kwa maoni yangu ndiyo hoja iliyokuwa hai kuliko zote, kwa sababu inaonyesha tatizo haliko kwenye kuwa na jiko la gesi tu, bali kwenye namna fedha ya kula inavyopatikana, siku kwa siku.

Halafu mama akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mjukuu wangu wakikuweka kwa wanaotaka nikatazwe?"

Binti hakujibu mara moja. Baadaye aliongeza mstari upande wa kushoto: "Marufuku itangazwe mapema, na wauzaji wadogo wasaidiwe kuuza nishati nyingine kabla haijaanza." Hakuna aliyemwambia. Na kimdahalo ni mstari wenye nguvu, kwa sababu unajibu lile swali la katikati kabla mpinzani hajaliuliza.

Jaribio la mwisho

Jumapili jioni nilimwambia asome upande wa kushoto kwa dakika nne, kisha wa kulia kwa dakika nne, mimi nikiwa sitazami karatasi. Kipimo ni rahisi: kama msikilizaji anaweza kujua wewe binafsi uko upande gani, basi upande mmoja bado ni dhaifu. Mara ya kwanza nilijua. Wa kulia aliusoma kwa furaha, wa kushoto kama anasoma tangazo la msiba. Tukarudi kuongeza ushahidi, akasoma tena.

Jumatano alipewa upande wa kuunga mkono. Walishindwa kwa kura chache. Jioni alinipigia simu, na jambo la kwanza alilosema halikuwa kuhusu kura.

"Mama mdogo, wapinzani walileta ile takwimu ya milioni 3.2 wakaigeuza kama tulivyofanya sisi. Nilikuwa nimeshajiandaa."

Nikamuuliza bibi amesemaje.

"Amesema kesho nimbebee gunia moja ndani, mvua inakuja."