Homa ya siku tatu: pima kwanza

Mtu mzima akianza homa Ijumaa usiku, mara nyingi hulala nayo hadi Jumapili. Anameza panadol, joto linashuka, anasema ni uchovu wa kazi. Jumatatu homa inarudi, naye anapita duka la dawa kununua dawa mseto bila kupima.

Wanaomtetea husema kwamba penye malaria nyingi kupima ni kupoteza hela. Hoja hiyo haisimami. Huko Moshi, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria, lakini vipimo vya kina viliithibitisha kwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu au maradhi yatokayo kwa mifugo. Moshi ina malaria kidogo, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kuhamishiwa Kigoma au Geita. Hata hivyo, inaonyesha jinsi tunavyokosea tunapokisia. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa.

Basi apime lini? Ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Siku ya tatu tayari ni kuchelewa, ingawa bado ni lazima.

Turudi kwa mtu wetu. Tuseme amepima Jumatatu na kipimo cha haraka kimeonyesha ana malaria. Muuguzi mzuri atauliza kama aliugua malaria wiki chache zilizopita. Kipimo kinachotumika sana husaka protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kama aliugua, damu isomwe kwa hadubini. Ugonjwa ukithibitishwa, dawa mseto kwa mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza. Mtu akiacha nusu kwa sababu amepata nafuu, vimelea vinaweza kubaki.

Kipimo kikiwa hasi, hapo ndipo wengi hukosea: hupewa dawa ya malaria “kwa usalama”. Kinachotakiwa ni mganga aangalie kifua na mkojo, afikirie taifodi na dengi, na homa ikiendelea arudie kipimo cha malaria siku inayofuata. Kabla dengi haijaondolewa mashakani, mgonjwa asimeze diklofenaki, aibuprofeni wala aspirini, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutokwa damu.

Anayechanganyikiwa, kupata degedege, kutapika kila anachokunywa, kupumua kwa shida, kuwa na macho ya njano au kukojoa mkojo mweusi asisubiri siku yoyote. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Mjamzito mwenye homa naye apimwe siku ya kwanza.