HAZINA TUMPE MWINGINE

Ndugu Wanachama,

Tumesikia ya kwamba siku ya mkutano mkuu wako wenzetu watakaosimama na kusema, "Hazina ibaki palepale." Twawashukuru kwa imani hiyo, lakini twaomba jina letu lisiandikwe. Tumeshika fedha za chama chetu cha kuzikana vipindi vinne. Uchovu upo, lakini sio sababu yetu.

Mwaka jana tulipofunga hesabu, daftari lilionyesha fedha Sh. 1,800 zaidi ya zile zilizokuwako benki. Siku mbili hatukulala vizuri. Kisha tukakumbuka jambo ambalo kila karani wa hesabu hufundishwa: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda tarakimu mbili zimepishana. Sh. 1,800 yagawanyika. Tukafungua vitabu vya risiti, tukaona michango ya wenzetu kumi na wawili, Sh. 200 kila mtu. Risiti zao zilikuwa sawa, jumla Sh. 2,400, lakini daftarini tuliandika Sh. 4,200.

Tukasahihisha, na wakaguzi wakatia sahihi siku iyo hiyo. Hawakufungua kitabu cha risiti hata kimoja. Walisema, "Wewe twakujua."

Hapo ndipo tulipoogopa. Fikirini kosa hilo kinyume chake: tumepokea Sh. 4,200, tukaandika Sh. 2,400 na kupeleka benki hizo hizo Sh. 2,400. Daftari na benki vingepatana kabisa, na Sh. 1,800 zingekuwa mfukoni mwetu. Wizi wa namna hiyo hauonekani ila kwa mtu anayechukua nakala za risiti zinazobaki kitabuni na kuzilinganisha na daftari, moja moja. Kazi hiyo haijafanywa na mtu mwingine tangu tulipochaguliwa mara ya pili. Mjane anayengoja fedha za mazishi hastahili kutegemea tabia yetu tu.

Atakayechaguliwa asipokee daftari peke yake. Aje na mkaguzi, wahesabu pia vitabu vya risiti ambavyo havijatumika, na kuandika namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kimoja, kwa maana kitabu kikipotea, mtu aweza kukusanya fedha kwa jina la chama. Tena katibu asichelewe kupeleka benki barua na muhtasari wa mkutano uliotiwa sahihi, pamoja na vitambulisho vya viongozi wapya. Benki isipoarifiwa, sahihi yetu bado yatoa fedha zenu, hata kama mmetuaga kwa makofi.

Miezi mitatu ya kwanza tutakaa naye kila mwisho wa mwezi mpaka aweze kufunga hesabu mwenyewe. Kalamu itakuwa mkononi mwake. Ufunguo wa kasha tutauleta mkutanoni.

Wenu katika chama,
Mtunza Hazina