Neno la Kiswahili Lisihesabiwe Kosa

Nina ugomvi na mafumbo ya kutafuta maneno yanayotungiwa wanafunzi wetu wa sekondari. Watungaji wake hupanga maneno yao katika mraba, kisha huchovya herufi zozote kujazia nafasi zilizobaki. Mwanafunzi akizungushia neno ambalo mwalimu hakulikusudia, huwekewa alama ya kosa. Hapo tumemwadhibu kwa kujua Kiswahili.

Watetezi husema orodha ya maneno ipo chini ya mraba, basi la ziada halina madhara. Lakini fumbo lenye orodha hupima macho tu. Fumbo linalofaa kidato cha tatu hutoa fasili, mwanafunzi alitafute neno lenyewe. Na hapo kila neno la ziada ni jibu linaloshindana na jibu.

Kiswahili hakina huruma katika jambo hili, kwa sababu silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Chukua mraba wa visanduku 12 kwa 12. Ukisoma mlalo, wima na mshazari, mbele na nyuma, una mifuatano 756 ya herufi nne. Ukiujaza wote kwa kubahatisha, nusu irabu nusu konsonanti, mfuatano mmoja katika kila 16 utakuwa na umbo la konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Hiyo ni takriban mifuatano 47 yenye sura ya *kuku*, *dawa* na *meza*. Mingi haitakuwa na maana; michache itakuwa maneno; na baadhi ya matusi yetu makubwa, kwa bahati mbaya, nayo yana umbo hilohilo.

Hata kabla ya kujazia, maneno uliyoyachagua yamebeba wageni. Tuseme somo ni ushairi na fani, nawe umechagua MIZANI, METHALI, TASHIHISI na UBETI. Soma MIZANI kinyumenyume: ndani yake mna *nazi*. METHALI inaishia na *hali*, TASHIHISI na *hisi*. UBETI imemeza *beti*, wingi wake yenyewe.

Wageni hawa hawatolewi kwa dawa moja. *Nazi* huondoka ukitangaza kwamba maneno husomwa kwenda kulia, kushuka chini, au kushuka kimshazari kuelekea kulia, basi. Mifuatano ya kukaguliwa nayo hupungua kutoka 756 hadi 297. *Hali* huondoka ukiandika TH katika kisanduku kimoja, kama inavyostahili, kwa kuwa ni sauti moja. Vivyo hivyo CH, SH, DH, GH, NY na NG'. Anayezipasua sauti hizi ndiye aliyeizua *hali* hiyo. Lakini *hisi* haiondoki, kwa maana H yake ni H halisi. Hapo huna budi kubadili neno au kuiweka *hisi* miongoni mwa majibu na kuitolea fasili. UBETI nayo ipishe BETI, na fasili itaje wingi.

Sasa kujazia. Wako wanaokimbilia Q na X ili kukwepa maneno ya ziada. Mwanafunzi huzifuta mara moja, kwani Kiswahili hakizitumii, na majibu yakabaki uchi. Mimi hujaza konsonanti kwanza, nikizichelea M na N, ambazo huungana kwa wepesi na konsonanti nyingine, kama katika *mti* na *nne*. Kisha hubadili takriban robo ya visanduku hivyo kuwa irabu, kimoja kimoja. Kila ninapoweka irabu, husoma mifuatano ya visanduku vinne inayopita hapo. Mfuatano ukiwa na irabu mbili, nataka uwe pia na konsonanti mbili zisizoandamana katika maneno yetu, kama PD au GT. Mwisho husoma mraba mzima, na hapo husoma hata kinyume, kwa ajili ya matusi, maana mtoto hatajali kwamba mwelekeo ule haumo katika sheria.

Nitaambiwa kwamba uhaba wa irabu utamwonyesha mwanafunzi majibu yalipo. Ni kweli, na gharama hiyo naikubali. Nitaambiwa pia kwamba *na*, *la*, *wa* na *ni* bado zimo. Zimo, wala hazizuiliki. Kwa hiyo maelekezo yaseme kwamba hakuna jibu lenye herufi chini ya nne.

Asiyekuwa na subira ya kusoma mistari 297 asitunge fumbo. Atunge maswali ya kawaida. Na kama mraba wake umekwisha kugawiwa, mwanafunzi akaibuka na *nazi*, haki ni moja tu: ampe alama yake.