Kutoka kwenye mfumo hakutoshi
Afisa, barua yako inasisitiza tutoke kwenye mfumo kila tumalizapo zamu. Sawa, lakini hapo kazi haijaisha. Kwenye chama chetu cha akiba, watu watatu tunatumia laptopu moja kwa akaunti moja ya Windows. Juzi nilifungua folda ya Downloads nikakuta nakala za vitambulisho vya wanachama, zilizopakuliwa na mwenzangu wa asubuhi. Kwenye mfumo alishatoka, mafaili yakabaki. Ukiyafuta yanaenda Recycle Bin, na anayefuata anaweza kuyarudisha. Tafadhali, ongeza kanuni hii: kila mfanyakazi awe na akaunti yake kwenye laptopu, yenye nywila yake na isiyo na mamlaka ya msimamizi, ili asiweze kufungua mafaili ya mwenzake.